Jina Lako Nani, Mama?

Mhudumu wa ambulensi aliyefunzwa vizuri hakimbilii majeruhi. Anashuka garini, anafunga mlango, anavuta glavu mikononi huku macho yakizunguka, kisha anatembea kwa hatua ndefu. Anayekimbia hufika akihema, na anayehema hawezi kutamka sentensi moja iliyotulia. Sauti yake ndicho kifaa cha kwanza atakachotumia, kabla ya bandeji na kabla ya machela, kwa hiyo anailinda tangu mlangoni.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya mvua ya rasharasha, kwenye barabara ya Mutuini, si mbali na Dagoretti Market. Probox ilikuwa imechomoza kutoka barabara ya ndani, bodaboda ikafunga breki, lami ikateleza. Mwendeshaji alikuwa amekaa ukingoni akishika mkono wake na kuzungumza. Abiria wake, mama wa miaka sitini na kitu, alilala chali kando ya mtaro, mguu wa kulia umepinda chini ya goti, uso ameuelekeza barabarani. Watu walikuwa wamemzunguka duara zima. Nilikuwa nimekuja na wahudumu wale wawili kwa ruhusa yao, ili niwatazame wakifanya kazi, na jina la mama huyo nalihifadhi.

Katika zile hatua kama kumi na tano kutoka kwenye gari, mhudumu mkuu alikuwa ameshajibu maswali matatu bila kumuuliza mtu. Je, kuna gari linaloweza kutugonga sisi pia? Je, kuna damu inayotoka kwa nguvu? Je, mgonjwa anasogea, macho yako wazi? Swali la pili ndilo linaloamua mpangilio wa yote yanayofuata. Kama damu ingekuwa inaruka kutoka kwenye paja, asingeanza na salamu. Angekandamiza jeraha kwa viganja viwili na kuongea huku akikandamiza. Damu haingoji mtu ajitambulishe. Hapa hakukuwa na damu ya namna hiyo, ila mchubuko wa goti na tope.

Umati nao ulihitaji kazi. Mmoja alikuwa na chupa ya maji tayari kumnywesha, wawili walikuwa wanapanga jinsi ya kumbeba mikono na miguu wamtie kwenye gari. Mhudumu hakuwafokea. Alimgusa bega kijana mmoja wa bodaboda aliyevaa reflekta, akamwomba asimame mita ishirini nyuma azuie magari. Mwingine akapewa tochi. Mwenye maji aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba huenda mama akahitaji upasuaji usiku huo, na tumbo lenye maji humfanya mgonjwa atapike akiwa amelazwa. Mwenye chupa akaelewa, akarudi nyuma, na duara likalegea.

Kisha likaja jambo ambalo mtazamaji asiyejua hawezi kuliona. Mhudumu alikuwa amesimama upande wa kichwa cha mama, umbali wa hatua mbili tu. Angeweza kuinama pale pale na kusema habari. Badala yake alizunguka kwa nje, akapita miguuni, akatokea upande wa barabara, mahali macho ya mama yalipokuwa yameelekea tayari. Hakutamka neno mpaka alipojua anaonekana. Mtu aliyeanguka akisikia sauti nyuma yake hugeuka, na kama pingili moja ya shingo imevunjika, mgeuko huo mdogo unaweza kukandamiza uti wa mgongo. Salamu nzuri iliyotoka upande mbaya inaweza kumpoozesha mtu. Kwa hiyo anatafuta kwanza macho yanatazama wapi, na hapo ndipo anapojipeleka.

Akapiga goti. Hakuchuchumaa, kwa sababu aliyechuchumaa huyumba na huonekana yuko tayari kuondoka. Goti moja likazama kwenye tope, kifua akakishusha, uso wake ukawa karibu usawa mmoja na wa mama, kama urefu wa mkono ulionyooshwa. Aliwaambia walioshika simu wamulike chini, taa isimpige mama machoni.

"Habari ya jioni, mama. Mimi ni wa ambulensi." Akataja jina lake. "Nimekuja kukusaidia. Usigeuze kichwa. Niangalie tu kwa macho, na unijibu kwa mdomo."

Sentensi tano, hakuna iliyozidi maneno manane. Ya kwanza ni heshima, ya pili na ya tatu zinasema ni nani na kwa nini yuko hapo, ya nne na ya tano zinamlinda. Nilimuuliza baadaye kuhusu hilo la kujibu kwa mdomo. Aliniambia kwamba ukimuuliza majeruhi swali la ndiyo au la, kabla hujamaliza ameshaitikia kwa kutikisa kichwa. Ndiyo maana onyo linatangulia swali. Na hata baada ya onyo, maswali yake ya kwanza aliyapanga yasiweze kujibiwa kwa kichwa.

"Jina lako nani, mama?"

Mama alilitaja. Majina mawili, kwa mkupuo mmoja, sauti ikitetemeka lakini kamili. Mhudumu mwenzake, aliyekuwa akifungua mkoba, aliinua macho kidogo tu kisha akaendelea. Wote wawili walikuwa wamesikia mambo kadhaa ndani ya majina hayo. Sauti imetoka bila kukoroma wala kububujika, basi njia ya hewa haijazibwa na damu wala ulimi. Majina mawili yametoka bila kukatika katikati kutafuta pumzi, basi mapafu yanafanya kazi ya kutosha kwa sasa. Aliyevunjika mbavu kadhaa au ambaye pafu lake limesinyaa huongea neno moja, akavuta hewa, akaongea la pili. Na jibu limelingana na swali, basi ubongo unapata damu na unafikiri. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Teasdale na Jennett, walitunga kipimo cha fahamu kinachotumika hadi leo katika hospitali nyingi, na kati ya alama zake 15, alama 5 zinatokana na jinsi mgonjwa anavyojibu kwa maneno. Mama huyu alizipata zote kabla hajajua kwamba anapimwa.

Hilo ndilo lililonivutia kuliko yote katika kazi ya watu hawa. Ile salamu inayoonekana ni upole tu ni uchunguzi pia, na uchunguzi huo haungefanikiwa bila ule upole. Majeruhi aliyefokewa hujibu kwa mkato au haachi kulia, na kilio kinaficha kila kitu.

Swali lililofuata lilikuwa dogo: "Nyumbani wanakuita nani?" Akasema anaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tangu hapo mhudumu alimwita hivyo. Majina yale mawili yaliandikwa kwenye fomu kwa ajili ya hospitali, lakini lililotumika barabarani ni hili. Palikuwa na akina mama wengi kwenye lile duara, na kila aliyepaza sauti alikuwa akimwita "mama". Neno hilo lilikuwa limeshaanza kumpita masikioni. Jina lake la nyumbani halikumpita. Nilimwona mhudumu akilirudia mwanzoni mwa kila jambo jipya, kisha anyamaze kidogo, angoje macho ya mama yarudi kwake, ndipo aseme la pili.

Wakati huo huo mwenzake alikuwa anasogea upande wa kichwa. Uso unaoning'inia juu yako kinyume, kidevu juu na macho chini, unatisha, na mikono inayokushika kichwa kutoka usikoona inatisha zaidi. Kwa hiyo mikono hiyo ilitangulizwa na maneno. "Mwenzangu yuko nyuma yako. Sasa atakushika kichwa pande zote mbili ili shingo itulie. Glavu zake zina baridi." Baada ya kusema baridi, akangoja. Mama akasema sawa. Ndipo mikono ikashuka, viganja juu ya masikio lakini vidole vimeachana ili aendelee kusikia. Angezibwa masikio, sauti iliyokuwa inamtuliza ingekatika ghafla.

Sasa mhudumu mkuu alishika kifundo cha mkono wa mama. Kwa mtazamaji ilikuwa faraja, na mama pia aliipokea hivyo, akavibana vile vidole. Lakini vidole viwili vilikuwa juu ya mshipa. Alihesabu kwa sekunde 15 akiendelea kumtazama: mapigo 30, yaani 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima aliyepumzika, 60 hadi 100 ndiyo kawaida.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli. Moyo unaokwenda 120 unaweza kuwa wa mtu aliyeogopa, na unaweza kuwa wa mtu anayevuja damu ndani ya tumbo au kwenye nyonga, mahali jicho halifiki. Hofu na damu iliyopungua hufanana sana katika dakika za mwanzo: moyo mbio, kijasho, ngozi iliyopauka, pumzi za harakaharaka. Wanaovitenganisha bila mashine wanatumia sauti na muda. Hofu ikizungumzwa nayo hupungua. Damu inayovuja haisikii maneno.

Basi akazungumza naye. Aliongea polepole kuliko tunavyoongea sisi, kwa sauti ya chini, akimalizia kila sentensi kwa kushuka. Alimwomba avute hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo taratibu, naye akafanya hivyo hivyo mbele yake ili afuatishe. Alimuuliza alikuwa anatoka wapi. Sokoni. Alikuwa amenunua nini. Mboga na unga. Kuna ugonjwa wowote anaotibiwa? Presha. Anakunywa dawa gani? Hakukumbuka jina, ila ziko kwenye mkoba wake, na mkoba ulipofunguliwa mbele ya macho yake, kwa ruhusa yake, pakiti ilionekana na ikaandikwa. Hilo halikuwa jambo la pembeni. Zipo dawa za presha zinazouzuia moyo usiende mbio hata damu inapopungua, na mhudumu anayejua hilo haridhiki upesi na mapigo yaliyotulia kwa mzee. Bahati nzuri, zilizokuwa kwenye pakiti hazikuwa za aina hiyo.

Kama dakika tano zilipita. Alihesabu tena: 24 kwa sekunde 15, yaani 96. Alibonyeza ukucha wa kidole cha mama, ukawa mweupe, akaachia, wekundu ukarudi kabla ya sekunde mbili kwisha. Mkono ulikuwa umeanza kupata joto. Alilibonyeza tumbo sehemu nne, akimwambia kabla ya kila sehemu, na lilikuwa laini. Hofu ilikuwa imepungua na hakuna kitu kingine kilichojitokeza nyuma yake. Ingekuwa ni damu inayovuja, mapigo yangezidi kupanda, mikono ingezidi kuwa baridi, na mama angeanza kunyamaza. Watu wengi huona majeruhi anayenyamaza wakashukuru kwamba ametulia. Hawa wawili wanaogopa ukimya kuliko kilio. Anayelia ana nguvu za kulia. Aliyekuwa anajibu kwa sentensi, akaanza kujibu kwa neno, kisha kwa mguno, anakwenda mahali pabaya, na gari lazima liondoke hata kama bandeji haijafungwa vizuri.

Mama aliuliza mara mbili yule kijana wa boda yuko wapi. Mara ya pili mhudumu alijibu kwa maneno yale yale bila uchovu: "Amekaa pale, anaongea, ameumia mkono. Mwenzetu wa gari la pili anakuja kumwangalia." Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasubiri mara ya tatu na ya nne. Mtu aliyegongwa kichwa anaweza kuuliza swali lile lile tena na tena, kwa sauti ile ile, kana kwamba hajawahi kuliuliza. Mara ya tatu haikuja. Mama alikuwa na wasiwasi tu na kijana wa watu.

Kisha likaja swali zito. "Watanikata mguu?"

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hapana mama, uko sawa kabisa, usijali." Alisema kwa upendo. Lakini mama alikuwa ameuona mguu wake ulivyopinda, na anayeambiwa yuko sawa huku anaona hayuko sawa huacha kuamini yote yatakayofuata. Mhudumu alingoja sauti ile ipite, akalitaja jina lake la nyumbani. "Mguu umevunjika chini ya goti, nadhani umeona. Nimegusa vidole, vina joto. Hebu vichezeshe." Vidole vikacheza. "Unavihisi nikivigusa? Basi damu inafika na mishipa ya fahamu inafanya kazi. Daktari atapiga picha na atakueleza. Mimi niko hapa mpaka tufike." Kila neno kuhusu mguu lilikuwa kweli, na kila moja lingeweza kuthibitishwa na mama mwenyewe pale pale chini. Hakuahidi matokeo yanayotegemea mtu mwingine. Alichoahidi ni kuwapo kwake, na hilo lilikuwa mikononi mwake.

Nairobi inajua uzito wa ahadi ya namna hiyo. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji, jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka, na chini ya kifusi chake alinaswa Rose Wanjiku. Waokoaji walimsikia, wakazungumza naye, wakimwita kwa jina huku wakichimba usiku na mchana, na nchi nzima ikalijua jina hilo. Alifariki kabla hawajamfikia. Sauti haikuweza kuinua zege. Lakini hakuna aliyekuwa pale ambaye angesema kwamba kumwita Rose kwa jina lake kulikuwa kazi bure, na wahudumu wanaofunzwa leo wanafunzwa kitu hicho hicho: huwezi kumwahidi mtu kwamba atapona, unaweza kumwahidi kwamba hayuko peke yake, na ukishaahidi hilo usiondoke.

Kufunga banzi kulichukua muda mrefu kuliko kitu kingine, na kulifanywa kwa maneno mengi kuliko vitendo. Kabla ya mkasi kukata sketi, mama aliambiwa mkasi utapita wapi, na leso ikatandazwa juu yake kwanza ili nguo ikatwe chini ya stara. Kabla ya mguu kunyooshwa, aliambiwa utauma. Si kidogo; utauma sana kwa muda mfupi, halafu utapungua kuliko sasa. Aliombwa ahesabu kwa sauti hadi kumi, akaambiwa kwamba mguu ungetulizwa kabla ya kumi. Alianza kwa Kiswahili. Kwenye nne alihamia Kikuyu, kwa sababu maumivu humrudisha mtu kwenye lugha ya mama yake, na mhudumu akahamia naye bila kukatiza, wakahesabu pamoja. Kwenye nane banzi lilikuwa limekaa na mikanda imefungwa. Akavigusa vidole tena, akamwomba avichezeshe tena. Vikacheza.

Kijana wa reflekta aliitwa aje. Ikabainika kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia mama, kabla ya ambulensi, na ndiye aliyewazuia watu wasimwinue. Aliwahi kupata mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza pamoja na wenzake wa steji. Mhudumu alimuuliza mbele ya mama: alizimia hata kidogo? Kijana akasema hapana, alikuwa anaongea tangu alipofika. Hilo nalo likaandikwa, pamoja na saa.

Ndani ya gari, kuelekea Hospitali ya Kenyatta, mhudumu alikaa mahali mama angeweza kumwona bila kugeuka. Kila kona kubwa alimtangulizia: tunapinda kushoto, kuna matuta mbele, sasa tuko Ngong Road. Aliyelala chali ndani ya ambulensi haoni dirisha, na kila mtikisiko ni kama anaanguka upya. Alimpigia simu binti wa mama, akamshikia mama simu sikioni, wakaongea kwa muda usiofika dakika moja. Mapigo yalibaki kati ya 90 na 96.

Mlangoni mwa chumba cha dharura ndipo wengi huharibu. Machela inasukumwa, mgonjwa anaona dari na nyuso mpya, wanaoongea wanaongea juu yake, na ile sauti aliyoizoea inatoweka. Mhudumu alimshika bega kwanza. "Tumefika. Huyu dada ndiye atakayekuhudumia sasa." Akamwambia muuguzi jina la kwenye fomu, kisha akaongeza lile la nyumbani, na muuguzi akainama akamsalimia kwa hilo la pili. Ndipo akatoa ripoti: saa ya ajali, ameanguka vipi, mguu, vidole vinavyocheza, mapigo ya mwanzo na ya mwisho, dawa ya presha, hajapoteza fahamu, hajanywa wala kula tangu saa nane mchana, binti yuko njiani. Alimaliza kwa kumgeukia mama na kumuuliza kama kuna kitu amekisahau.

"Unga wangu," mama akasema.

Ulikuwa kwenye ambulensi. Alitoka akaenda kuuchukua.